Somo: Kuhesabu dpa kwenye ukuta wa kinu cha nyuklia, na kwa nini shaba kidogo inaharibu zaidi

Wakuu, leo tunashughulika na chombo cha presha cha kinu cha maji: ukuta wa chuma wenye unene wa sentimeta 20 hivi, unaokaa kwenye joto la karibu nyuzi 290 za Selsiasi huku nyutroni za kasi zikiupiga miaka nenda miaka rudi. Kipimo chetu cha madhara ni dpa, yaani wastani wa mara ambazo kila atomi imehamishwa mahali pake. Shikeni kikokotoo.

Hatua ya 1: pigo moja. Chukua nyutroni yenye nishati ya MeV 1, yaani eV milioni moja. Atomi ya chuma ina uzito wa mara 56 ya nyutroni, kwa hiyo hata wakigongana uso kwa uso inapokea asilimia 7 tu ya nishati, yaani eV 69,000. Kwa wastani inapata nusu yake, kama eV 34,000. Sehemu ya nishati hiyo inamezwa na elektroni na kuishia kuwa joto tu. Inayobaki kwa kazi ya kusukuma atomi nyingine tuiweke eV 25,000.

Hatua ya 2: atomi ngapi zinahama? Kanuni ya NRT ya mwaka 1975 inachukua eV 40 kama nishati ya kung'oa atomi ya chuma mahali pake:

```
N = 0.8 × 25000 / (2 × 40) = 250
```

Pigo moja, atomi 250. Ila nyingi hurudi kwenye nafasi tupu karibu papo hapo. Mahesabu ya kompyuta yanaonyesha kama theluthi tu ya mapengo ndiyo yanayosalia. Kwa hiyo dpa ichukuliwe kama dozi. Haikwambii idadi ya kasoro zilizobaki.

Hatua ya 3: ukuta mzima. Tuseme uso wa ndani unapokea nyutroni 3×10¹⁰ za zaidi ya MeV 1 kwa kila sentimeta ya mraba kila sekunde. Miaka 32 ya nguvu kamili ni sekunde bilioni moja hivi, jumla 3×10¹⁹. Kwa kila nyutroni ya kundi hilo, eneo la madhara, yaani kipimo cha uwezekano wa atomi kuhamishwa, katika kinu cha aina hii ni karibu 1.5×10⁻²¹ cm²:

```
dpa = 1.5e-21 × 3e19 = 0.045
```

Ni kana kwamba katika kila atomi 22, moja imehamishwa mara moja. Vyuma vilivyo karibu na kiini hupata dpa makumi na bado vinafanya kazi. Sasa mbona huu ukuta unatutisha?

Hatua ya 4: shaba. Hapa ndipo penye utamu. Mishono mingi ya zamani ilichomelewa kwa waya uliopakwa shaba ili usishike kutu, na shaba hiyo ikabaki imetawanyika ndani ya chuma. Kwenye nyuzi 290 ingependa kujitenga, lakini atomi zake hazina njia ya kusogea. Mapengo yaliyoachwa na nyutroni yanazipa njia. Zinakusanyika kuwa vidonge vya nanometa 2 au 3, pamoja na nikeli na manganizi, na vidonge hivyo vinazuia tabaka za atomi zisiteleze. Chuma kinakuwa kigumu, na kikiwa baridi kinapasuka kabla hakijapinda.

Mwongozo wa NRC, mamlaka ya nyuklia ya Marekani, Regulatory Guide 1.99 marekebisho ya 2, unakadiria joto la mpito, ambalo chini yake chuma kinapasuka badala ya kupinda, linapanda kiasi gani (f ni jumla ya nyutroni kwa sentimeta ya mraba, kwa vipimo vya 10¹⁹):

```
ΔRT = CF × f^(0.28 − 0.10 log f)
```

CF hutegemea shaba na nikeli. Tuseme ya mshono wetu ni nyuzi 50 za Selsiasi. Kwa f = 3 kizidishi ni 1.29, hivyo joto linapanda nyuzi 65. Kama lilianzia −20, sasa ni 45. Ongeza akiba ya usalama ya nyuzi 31, upate 76. Kikomo cha Marekani kwa mshono wa wima ni 132. Angalia pia kwamba f ikipanda kutoka 1 hadi 3, madhara yanaongezeka asilimia 29 tu, maana shaba ya kukusanyika inaisha.

Maswali

*Mkuu, kwa nini tusihesabu nyutroni tu tukaachana na dpa?*

Kwenye uso wa ndani inatosha. Ukiingia ukutani nyutroni zinapungua kasi, nyingi zinashuka chini ya MeV 1 lakini bado zinang'oa atomi. Ukihesabu za juu ya MeV 1 pekee utadhani sehemu ya nje iko salama kuliko ilivyo. Ndiyo maana mwongozo huo unatumia exp(−0.24x), x ikiwa inchi za kina, mpunguo huo umetokana na dpa.

*Wanajuaje hali halisi bila kukata ukuta?*

Vipande vya chuma kilekile huwekwa kwenye vikopo vya chuma ndani ya chombo, karibu zaidi na kiini, ili vizeeke kabla ya ukuta. Vinatolewa kwa awamu na kuvunjwa kwa nyundo ya Charpy, inayopima nishati ya kuvunja kipande, kwenye joto mbalimbali. Unatafuta joto ambalo kipande kinameza jouli 41, kisha unalinganisha na kipande kisichopigwa nyutroni.

*Ukuta ukishaharibika, hauponi?*

Unapona kwa sehemu kubwa. Vyombo kadhaa vya VVER-440, vinu vya maji vya muundo wa Kisovieti, vimepashwa joto la nyuzi 475 hivi kwa takriban saa 100, ikiwemo Loviisa 1 ya Finland mwaka 1996. Mapengo yanafutika, vidonge vya shaba vinakuwa vichache na vikubwa, visivyozuia sana. Ila kinu kikiwashwa tena madhara yanaanza upya, kwa hiyo vipimo vya Charpy vinaendelea.