Punda gazetini, Samaki kwa Wahindi: namna ya kukokotoa nyota ya jua kwa njia zote mbili

Mtu aliyezaliwa Lamu tarehe 5 Aprili 1990, saa kumi na mbili asubuhi, akifungua ukurasa wa nyota gazetini ataambiwa ni Punda. Mnajimu wa Kihindi atamwambia ni Samaki. Hakuna aliyekosea hesabu. Wote wanaligawa duara la njia ya jua mafungu 12 ya digrii 30, ila kila mmoja anaanza kuhesabu mahali pake.

1. Jua sifuri iko wapi

Njia ya Kimagharibi inafuata majira. Sifuri ya Punda ni pale jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, Machi 20 au 21, siku chache baada ya kupita utosini hapa Lamu na Malindi. Njia ya Kihindi inafuata nyota zenyewe. Kipimo kinachotumika zaidi, Lahiri, kinaegemea nyota Chitra, ile inayong'aa kwenye Mashuke, ikiwekwa mwanzo wa Mizani.

Sifuri hizi mbili zinaachana kwa sababu mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia inayozunguka. Dunia imetuna kiunoni, na mwezi na jua vinauvuta utune huo. Kwa hiyo mahali pa kuvukia ikweta panarudi nyuma kati ya nyota, digrii moja kwa miaka kama 72, na duara zima kwa miaka 26,000 hivi.

Kitazame Kilimia. Enzi za Hipparko, Mgiriki aliyeugundua mwendo huu zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, kwa hesabu ya majira Kilimia kilikuwa mwanzoni mwa Ng'ombe. Leo, kwa hesabu hiyohiyo, kimefika mwanzo wa Mapacha. Kwa hesabu ya Kihindi kiko digrii ya 6 ya Ng'ombe na hakiondoki hapo.

2. Sahihisha saa na siku

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na programu haiwezi kukuonya.

Kwanza, saa. Saa mbili asubuhi andika 08:00. Ukiandika 02:00 umekosea saa sita, na jua limesogea robo digrii. Kisha toa saa 3 upate saa ya dunia, kama programu haitoi yenyewe. Soma maelezo yake kabla. Ikitoa nawe ukatoa, umetoa mara mbili.

Pili, siku, na hili ni zito zaidi. Pwani siku mpya huingia magharibi. Mama akisema mtoto alizaliwa "usiku wa Jumamosi saa tatu", wazee wengi wanakusudia Ijumaa jioni, usiku wa kuamkia Jumamosi. Chukua Jumamosi ya Aprili 14, 1990. Kwa usiku huo, tarehe sahihi ya kuandika ni Aprili 13, 21:00, na jua la Kihindi bado liko Samaki, dakika kama 10 za digrii kabla ya mpaka. Ukiandika Aprili 14, 21:00, unapata Punda, karibu digrii nzima ndani. Usiulize "tarehe ngapi?" peke yake. Uliza: kesho yake asubuhi ilikuwa siku gani? Cheti cha kuzaliwa nacho kilinganishe na jibu hilo, maana aliyeandikisha huenda alihesabu kwa desturi hiyohiyo.

3. Pata jua, kisha toa

Napendelea `swetest`, programu ya kukokotoa nyota inayoendeshwa kwa amri za maandishi, kuliko tovuti za nyota, kwa kuwa inaonyesha wazi inatumia kipimo gani:

```
swetest -b5.4.1990 -ut03:00 -p0 -fPZ -emos
swetest -b5.4.1990 -ut03:00 -p0 -fPZ -emos -sid1
```

Amri ya kwanza ni ya majira, ya pili ni Lahiri. Kwa mkono: jua liko digrii 15 na dakika 4 za Punda. Tofauti kati ya sifuri zile mbili mwaka 1990, inayoitwa ayanamsha, ni digrii 23 na dakika 43. Kwa kuwa 15 haitoshi kutoa 23, ongeza 30 na urudi nyuma nyota moja. Unabaki na digrii 21 na dakika 21 za Samaki.

Ayanamsha sasa imepita kidogo digrii 24, ndiyo maana takriban watu wanne kwa watano hubadilika nyota. Wanaobaki ni wa zile digrii 6 za mwisho. Kwa Punda, waliozaliwa kati ya Aprili 14 na 19 hivi.

4. Hakiki programu

Ipe Machi 21 ya mwaka wowote wa karibu. Ikikuonyesha mwanzo wa Punda, inahesabu kwa majira na unatakiwa kutoa. Ikionyesha digrii 6 hivi za Samaki, imeshatoa, usiguse tena. Ikionyesha digrii 5 na kidogo, huenda imewekwa kipimo cha Fagan-Bradley, kinachozidi Lahiri kwa karibu digrii moja. Aliye mpakani utampa nyota ambayo mnajimu wa Kihindi hatakubaliana nayo, basi badilisha kipimo kabla hujamjibu.