Kupima ukinzani wa koili kwa daraja la waya wa mita moja

Kijana anayejifunza ufundi wa mashine za boti hapa Lamu aliniletea koili ya kuchaji, akitaka kujua kama imeungua ndani. Multimita yake ilisoma omu 1.8. Nikamwambia agusanishe ncha za mita zenyewe kwa zenyewe: ikasoma 0.3, akizibonyeza vingine 0.5. Kwa koili ya omu moja na ushee, hapo hujapima kitu. Tukatoa ubao wa daraja.

1. Unganisha

Kaza waya wa nikromu wa sentimita 100 juu ya rula ya mita, ncha A kushoto na C kulia. Kutoka A hadi C pitisha njia ya pili: koili (X) kwanza, kisha rezista unayoijua (S). Zinapokutana ni B. Galvanomita inatoka B hadi ncha ya kugusia waya, nayo betri na swichi zinakaa kati ya A na C. Betri moja ya tochi inatosha. Usiweke ya gari, itachemsha waya.

2. Elewa sindano inasema nini

Sindano ikisimama kwenye sifuri, B na mahali unapogusa waya, tupaite D, zina volteji sawa. Hakuna mkondo unaochepuka kwenye galvanomita, kwa hiyo mkondo uliopita X ndio huohuo unaopita S, na wa waya vilevile haupungui njiani. Volteji ya X ni sawa na ya kipande AD, na ya S ni sawa na ya DC. Ukigawanya, mikondo yote inajifuta:

```
X / S = AD / DC
```

Volteji ya betri haimo humo. Betri ikichoka, sindano inakuwa mvivu tu, jibu halibadiliki.

3. Tafuta sifuri

Gusa karibu na A, kisha karibu na C. Sindano lazima ielekee pande mbili tofauti. Ikielekea upande mmoja kotekote, kuna waya umekatika au umeunganishwa siko. Gusa na uinue, usiburute ncha: ukiukwangua waya unakuwa mwembamba mahali pamoja, na urefu hauwakilishi tena ukinzani.

Kwa koili, washa betri kwanza, ngoja kidogo, ndipo uguse. Koili yenye chuma ndani hukawiza mkondo kupanda, na ukianza na galvanomita sindano itaruka hata pale penye sifuri.

Chagua S iliyo karibu na X ili sifuri iangukie katikati ya waya. Ikiangukia sentimita 5, kosa la milimita 1 tu la kusoma rula ni karibu asilimia 2 ya jibu.

4. Ncha za waya: hapa ndipo saa zinapopotea

S yetu ilikuwa omu 2.00. Sifuri ikaja sentimita 42.0, kwa hiyo X = 2.00 × 42.0 ÷ 58.0 = 1.45. Kijana akataka kukunja ubao. Ngoja kwanza, badilisha nafasi: S kushoto, koili kulia. Ubao ungekuwa safi, sifuri ingehamia 58.0. Ilikuja 57.2, na hesabu ikatoa 1.50. Koili ni ileile.

Kasoro iko kwenye viungo. Hewa ya bahari hapa huvisha shaba kutu ya kijani, na ukinzani wa skrubu yenye kutu unahesabika kama waya wa ziada ambao rula haiuoni. Kwetu upande wa A ulikuwa kama umeongezewa milimita 8 hivi. Piga msasa mpaka shaba ing'ae, kaza kwa skrubu iliyotiwa washa. Klipu za meno mimi sizitaki kabisa kwenye kazi hii. Kulehemu nako hakusaidii, maana risasi ya kawaida haishiki nikromu vizuri.

Kisha, hata baada ya msasa, pima pande zote mbili na uchukue wastani wa urefu wa upande wa koili. Kwetu ulikuwa 42.0 na 42.8, wastani 42.4:

```
X = 2.00 × 42.4 / 57.6 = 1.47
```

Wastani haufuti kosa lote, ila kinachobaki hapa hakifiki hata nusu ya asilimia moja.

5. Joto

Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii ya Selsiasi. Barazani palikuwa na digrii 31, na kitabu cha mashine kinataja kipimo cha digrii 20. Kwa digrii 20 koili yetu ni 1.41, ndani ya kiwango. Koili iliyotoka kwenye mashine sasa hivi iache ipoe kabisa.

Daraja halitakuambia kama waya wa koili umegusa chuma chake. Hilo angalia kwa multimita, kipimo cha juu kabisa, ncha moja kwenye waya na nyingine kwenye chuma.