Video ya kumuaga mstaafu: namna ya kupanga klipu za wenzake na kuandika simulizi

Kosa kubwa la video hizi ni kwamba nyingi husikika kama msiba. Kinanda cha taratibu, picha za zamani zinapita, na sauti inasema "alikuwa mtu wa watu, tutamkumbuka daima". Mwenyewe amekaa meza ya mbele akiwa mzima wa afya. Karibu kila hatua ya mwongozo huu inalenga kuzuia hilo, kwa mpangilio wa klipu na kwa maneno ya msimulizi.

Mfano tutakaoufuata ni wa mwalimu wa hisabati wa sekondari nchini Tanzania anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Wenzake saba wametuma klipu, na zote pamoja ni dakika 16. Video itakuwa chini ya dakika saba, kwa sababu ukumbini kuna watoto, kuna chakula kinachopoa, na bado kuna zawadi.

Hatua ya 1: Sikiliza klipu zote kabla ya kuandika neno

Chukua daftari. Kwa kila klipu andika anayeongea, sentensi yake ya kwanza inayofaa, sentensi ya mwisho, na sekunde za kipande utakachobakiza. Salamu na "kwa niaba yangu na familia yangu" zikate zote. Pembeni weka herufi moja: K kwa kichekesho, S kwa shukrani, U kwa uchungu.

Kisha tafuta kitu kinachojirudia bila watu kupanga. Katika mfano wetu, mlinzi anasema Mwalimu hufika kabla geti halijafunguliwa, mpishi anataja chai ya saa nne kamili, na wengine wawili wanataja kalamu nyekundu. Basi uzi umepatikana: muda na kalamu nyekundu. Klipu nzuri isiyogusa uzi huo bado inaweza kuingia, ila msimulizi atalazimika kuivuta karibu.

Hatua ya 2: Panga kwa kicheko, usipange kwa cheo

Itifaki itakuvuta uanze na mkuu wa shule. Akianza yeye, ukumbi unakaa kimkao wa kikao, na kichekesho kitakachofuata watu watakiogopa. Anza na mtu anayefahamika na wote, mwenye klipu fupi ya K. Mpangilio wetu ni huu:

1. Mlinzi wa geti: Mwalimu hufika saa kumi na mbili, geti bado limefungwa (sekunde 22)
2. Mwalimu wa jiografia: siku moja Mwalimu alichelewa, akasaini mwenyewe chini ya mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio (35)
3. Mpishi: kikombe ambacho hakipewi mtu mwingine (30)
4. Mhasibu: orodha ya posho ilirudi imesahihishwa kwa wino mwekundu (38)
5. Mkuu wa shule (45)
6. Mwalimu kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake (50)
7. Rafiki waliyekaa naye meza moja miaka 21 (48)
8. Mlinzi tena: "Sasa Mwalimu, mimi nitaamshwa na nani?" (12)

Tazama ya kwanza na ya pili. Mmoja anasema hachelewi, mwingine anasema alichelewa. Klipu mbili zinazopingana zikiwekwa jirani huchekesha kuliko kila moja ikiwa peke yake, ingawa wasemaji hawakuonana.

Klipu ya mlinzi tumeikata vipande viwili. Kipande cha mwisho kinafuata cha rafiki, ambacho ndicho kinacholiza. Ukimaliza kwenye machozi, mstaafu anapewa kipaza sauti akiwa hawezi kusema. Sekunde 12 za mlinzi zinamrudishia pumzi.

Hatua ya 3: Hesabu muda wa msimulizi

Vipande vinane ni sekunde 280. Sentensi za msimulizi ziko mahali nane, wastani wa sekunde tisa kila mahali: 72. Nafasi ya kicheko baada ya kila klipu ni sekunde tatu: 24. Picha ya mwanzo na jina mwishoni: 20. Jumla ni 396, yaani dakika 6 na sekunde 36.

Sekunde tisa za usomaji wa utulivu ni maneno 15 hadi 18 ya Kiswahili. Usihesabu tu, soma kwa sauti ukiwa na saa ya simu, kwa kuwa maneno yetu mengine ni marefu.

Hatua ya 4: Andika viungo, yaani sentensi za msimulizi kabla ya kila klipu

Kazi ya msimulizi ni kuuliza. Klipu ndiyo inayojibu. Hiki ni kiungo kibaya: "Sasa tumsikilize mpishi akitueleza jinsi Mwalimu asivyotaka mtu aguse kikombe chake." Kichekesho kimeshaisha kabla mpishi hajafungua mdomo. Viungo vyetu ni hivi:

*Mwanzo:* "Shule hii ina saa mbili. Ya kwanza iko ukutani, na mara nyingi imesimama. Ya pili inastaafu leo."

*Kabla ya jiografia:* "Basi tukubaliane kwamba Mwalimu hajawahi kuchelewa. Mwalimu wa jiografia, tunakubaliana?"

*Kabla ya mpishi:* "Saa nne kamili, chai. Jikoni kuna vikombe arobaini, na kimoja kina mwenyewe."

*Kabla ya mhasibu:* "Kalamu nyekundu ilianzia kwenye madaftari ya wanafunzi. Haikuishia huko."

*Kabla ya mkuu:* "Mwenye mamlaka ya kupiga mstari mwekundu ni mkuu wetu wa shule. Leo ameweka kalamu chini."

*Kabla ya kijana:* "Hisabati, kidato cha pili: alama 17 kati ya 100. Aliyezipata yuko hapa, na leo anafundisha hisabati."

*Kabla ya rafiki:* "Meza ya dirishani. Miaka 21."

*Kabla ya mwisho:* "Limebaki swali moja. Linatoka getini."

Kiungo cha mkuu kimempa heshima yake bila kumweka mbele. Cha rafiki ni kifupi makusudi. Hapo sauti ipungue, na muziki uzimwe kabisa.

Alama 17 zisitajwe bila ruhusa ya mwenyewe. Utani uhusu mazoea ya kazi tu. Mwili, madeni, ugonjwa, ndoa na pombe viache nje, hata kama msemaji ni mtani wake wa kabila na ofisini watu huwa wanacheka. Ukumbini kuna wakwe na wajukuu.

Hatua ya 5: Ondoa lugha ya tanzia

Pitia mswada ukitafuta "alikuwa", "alipenda" na "tutamkumbuka". Badilisha: "alipenda chai" iwe "hupenda chai", "alikuwa mwalimu wetu" iwe "ni mwalimu wetu". Wakati uliopita ubaki kwa tukio moja tu, kama siku ile aliyochelewa. Picha zake zisigeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe.

Hatua ya 6: Rekodi, kisha jaribu ukumbini

Rekodi kila kiungo kama faili lake, ili ukibadili mpangilio usirudie yote. Chumba chenye pazia na godoro hupunguza mwangwi. Zile sekunde tatu za kicheko usizibane: msimulizi akiingia mapema, watu wanacheka juu ya sauti yake na swali linapotea, kisha klipu inayofuata haieleweki.

Siku ya sherehe fika mapema, uicheze kwenye spika za ukumbi ukiwa umesimama nyuma kabisa. Klipu za simu huwa na sauti ndogo kuliko ya msimulizi. Ukilazimika kuongeza sauti kwa mlinzi na kupunguza kwa msimulizi, rudi kwenye kompyuta uzisawazishe. Mlinzi asiposikika vizuri mwanzoni, swali lake la mwisho halitachekesha mtu.