SOMO: Barua ya kumwomba mhadhiri asogeze tarehe kazi mbili zinapogongana

Kila muhula ukifika katikati, wenzangu hapa Iringa huniuliza namna ya kuandika barua hii, kwa hiyo naiweka yote mahali pamoja.

Anwani zote mbili na tarehe vikae mahali pake pa kawaida.

Kichwa kiwe: "YAH: OMBI LA KUSOGEZEWA TAREHE YA KUWASILISHA KAZI", pamoja na jina la kozi.

Aya ya katikati ndiyo iliyoniponza. Nikiwa mwaka wa pili niliandika kwamba kazi zimegongana na kwamba naomba "muda kidogo". Mhadhiri alijibu baada ya siku tatu kwa swali moja tu, "Hadi lini?", na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa kuandika, tarehe ilikuwa imeshapita na nikakatwa alama. Tangu hapo hutaja kazi ya pili ni ipi, kwa nini hiyo haisogezeki, nimefika wapi katika kazi yake, na siku na saa nitakayoikabidhi:

"Insha ya kozi unayotufundisha inatakiwa Ijumaa, tarehe 15 Mei, saa 10 jioni. Siku hiyohiyo natakiwa kuwasilisha ripoti ya ziara ya Mafinga, ambayo ni kazi ya kundi la watu sita, hivyo siwezi kuomba peke yangu isogezwe. Nimekwisha kuandika utangulizi na sehemu ya kwanza ya insha. Naomba kuikabidhi Jumanne, tarehe 19 Mei, saa 4 asubuhi. Iwapo haitawezekana, nitaikabidhi Ijumaa kama ilivyopangwa."

Msiifute sentensi ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba mnaomba. Barua ifike angalau wiki moja kabla. Ikifika usiku wa kuamkia siku yenyewe, husomwa kama udhuru hata mgongano ukiwa wa kweli. Wala msiwaandikie wahadhiri wote wawili, maana wakikubali wote, tarehe mpya zaweza kugongana tena.

Jina, namba ya usajili na saini viwe chini.

Swali (Mbeya): Kaka, naweza kunakili nikabadilisha tarehe tu?

Jibu: Hapana. Ripoti ya Mafinga si yako. Soma tena aya ya katikati.

Swali (Njombe): Shikamoo kaka. Je, ikiwa darasa zima limegongana, kila mmoja aandike yake?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, umeuliza jambo nililolisahau. Kiongozi wa darasa aandike barua moja, aambatishe orodha ya majina, namba za usajili na saini. Kabla ya hapo kubalianeni tarehe moja, kwa kuwa mhadhiri akiletewa tarehe tatu ni rahisi kwake kuibakiza ileile ya awali.

Swali (Njombe): Na akikubali kwa mdomo tu, nje ya darasa?

Jibu: Jioni hiyohiyo mwandikie ujumbe wa kumshukuru, ukiitaja siku na saa mliyokubaliana. Anayepokea kazi ofisini huenda asiwe yeye, na ujumbe huo ndio utakaomwonyesha.