SOMO: Kuhamisha slaidi yenye vitone kwenda Markdown bila kuvuruga ngazi

Wiki hii nimeulizwa hili inbox mara nne. Atakayeuliza tena namtumia linki.

1. Fungua slaidi PowerPoint, nenda View > Outline View. Kuna watu hupunguza tu ukubwa wa maandishi, kitone kikaonekana cha ndani kumbe sicho. Hapo utaona ngazi halisi.

2. Nakili, bandika VS Code.

3. Futa kila `•`. Markdown haiitambui. Weka `-` na nafasi moja.

4. Ngazi ya kwanza ianzie ukingoni kabisa.

5. Sasa ngazi za ndani. Hapa niliumbuka. Kitone cha ndani hakina budi kuanzia pale yanapoanzia maneno ya mama yake. Chini ya `- ` nafasi 2 zinatosha, chini ya `1. ` ni 3. Nilikuwa na slaidi ya hatua 12 za kufunga duka jioni, nikaweka nafasi 3 kote. Hatua ya 1 hadi ya 9 zikatulia, nikatuma bila kutazama mwisho.

```
9. Hesabu droo
   - Noti kwanza
10. Funga siku
   - Chapisha ripoti
```

`10. ` ina herufi moja zaidi, kwa hiyo inadai nafasi 4. "Chapisha ripoti" ikachomoka hadi ukingoni, ikawa orodha yake peke yake. Tangu siku hiyo naweka 4 kwa kila ngazi:

```
10. Funga siku
    - Chapisha ripoti
        - Nakala mbili
```

Onyo: usizidishe. Ukiweka nafasi 6 kabla ya `- Sarafu` chini ya `- Noti`, mstari wa pili haugeuki kitone, unagandana na wa kwanza: "Noti - Sarafu".

Maswali

— Mkuu, yangu yote imeingia kwenye boksi la kijivu.
Hatua ya 4. Umeanza na nafasi 4 ukingoni, imesomwa kama msimbo.

— Kwangu haifanyi kazi.
Haifanyi nini? Bandika ulichoandika, mimi si mganga.

— Nimeweka nafasi 2 chini ya kistari. GitHub iko sawa, MkDocs imelaza vyote ngazi moja. Kwa nini?
Swali zuri hili. GitHub inafuata CommonMark, inayotazama maneno ya mama yanaanzia wapi. MkDocs inatumia Python-Markdown, na hiyo inataka 4 kwa kila ngazi. Ndiyo maana nang'ang'ania 4, inakubalika kote kuwili.

— Outline View yangu tupu, na slaidi imejaa maandishi!
Aliyeitengeneza alichora visanduku vya maandishi mwenyewe, na hivyo havionekani pale. Nakili kisanduku kimoja kimoja, ngazi uzisome kwenye slaidi yenyewe. Pole.

— Nyongeza: VS Code, chagua mistari kisha `Ctrl+]`, yote inasogea pamoja.
Asante mkuu. Kabla ya hapo angalieni kona ya chini kulia iseme `Spaces: 4`. Na mkiwasha View > Appearance > Render Whitespace, nafasi zinageuka vidoti, Tab inakuwa mshale. Unazihesabu kwa kidole.