Ratiba ya siku ya michezo shuleni: mchujo bila saa, fainali kabla ya wingu

Shule nyingi za msingi hapa Dodoma hufanya siku yao ya michezo kabla ya UMITASHUMTA, ili zipate timu ya kupeleka kwenye mashindano ya kata. Hiyo ndiyo miezi ambayo mvua haijaisha sawasawa. Asubuhi jua linawaka, saa nane mchana wingu limesimama juu ya uwanja. Kwa hiyo ratiba ninayoeleza hapa imejengwa juu ya mambo mawili: riadha yote iishe kabla ya saa saba mchana, na mchujo uendeshwe kwa namna ambayo mvua haiwezi kuuharibu.

Tuchukue shule yenye nyumba nne: Nyekundu, Kijani, Bluu na Njano. Uwanja una njia sita. Wanafunzi wamegawanywa katika makundi manne: wasichana wadogo, wavulana wadogo, wasichana wakubwa, wavulana wakubwa.

Hatua ya 1: Panga mchujo kwa nafasi, si kwa muda

Kila nyumba itoe wakimbiaji watatu kwa kila mbio. Hao ni 12, yaani michujo miwili ya watu sita. Watatu wa kwanza wa kila mchujo wanaingia fainali, basi. Usichukue "wenye muda bora". Saa ya mkononi inategemea kidole cha mwalimu, na upepo wa Dodoma unaweza kusukuma mchujo wa kwanza kisha ukatulia wa pili ukianza. Mtoto atakosa fainali kwa sababu ya upepo, na mzazi wake atakuja kukuuliza.

Ili michujo isipishane uzito, mwambie kila mlezi wa nyumba apange wakimbiaji wake kwa namba: 1 ndiye mwenye kasi zaidi, 3 wa mwisho. Nyekundu na Kijani wapeleke namba 1 kwenye mchujo wa kwanza, na namba 2 na 3 kwenye wa pili. Bluu na Njano wafanye kinyume chake. Kila mchujo utakuwa na namba 1 wawili, namba 2 wawili na namba 3 wawili. Walezi wengine huficha mkimbiaji wao mkali kwenye namba 3 wakidhani wameula. Waache, maana atakayeumia ni namba 1 wao wa bandia.

Mwamuzi wako makini kuliko wote asimamie nafasi ya tatu na ya nne. Mshindi kila mtu anamwona. Ugomvi uko kwenye nafasi ya tatu. Wakifungana kabisa, amua kwa kura ya bahati palepale. Usiwarudishe kukimbia tena.

Hatua ya 2: Hesabu dakika halisi

Mbio za mita 100 huchukua chini ya nusu dakika, lakini kuita majina, kupanga njia, kukimbia na kuandika matokeo ni dakika tano. Michujo minane, miwili kwa kila kundi, ni dakika 40. Kwa mita 200 weka dakika sita kila mchujo.

Kanuni za riadha za kimataifa zinataka angalau dakika 45 kati ya mchujo na fainali kwa mbio zisizozidi mita 200. Hao ni watu wazima waliofanya mazoezi, kwa hiyo kwa watoto usipunguze hata dakika moja. Mita 800 usizifanyie mchujo: moja kwa moja fainali. Vijiti navyo ni fainali tu, kwa kuwa timu ni nne na njia zinatosha.

Ratiba inatoka hivi:

- 2:00 hadi 2:40: mchujo mita 100
- 2:45 hadi 3:35: mchujo mita 200
- 3:35 hadi 4:05: mapumziko, maji na uji
- 4:05 hadi 4:30: fainali mita 100
- 4:30 hadi 5:05: mita 800
- 5:15 hadi 5:40: fainali mita 200
- 5:50 hadi 6:20: vijiti

Makundi yafuate mpangilio uleule kila mara: wasichana wadogo, wavulana wadogo, wasichana wakubwa, wavulana wakubwa. Ukibadilisha mpangilio katikati, kuna kundi litakalokosa mapumziko yake bila wewe kujua.

Kuruka chini kunaendelea sambamba, na hapo ndipo ratiba nyingi hukwama: mtoto anaitwa shimoni na njiani kwa wakati mmoja. Chukua warukaji wawili kila nyumba, miruko mitatu kila mmoja, dakika moja kwa mruko. Kundi moja linamaliza ndani ya dakika 24. Anza na wavulana wakubwa saa 2:00, maana mchujo wao wa mita 100 ni saa 2:30. Wavulana wadogo saa 2:25, wasichana wadogo saa 3:00, wasichana wakubwa saa 3:25. Jaribu kuwapanga kwa mfuatano wa kawaida uone wanavyogongana. Wasichana wakubwa watachelewa kidogo kunywa uji, kwa hiyo wawekewe wao kwanza pembeni.

Hatua ya 3: Mvua

Siku iwe Alhamisi, akiba iwe Ijumaa asubuhi. Fainali zote huisha ndani ya saa mbili na nusu, hivyo wanaokwenda swala ya Ijumaa hawabanwi.

Mistari chora kwa majivu. Chokaa, hasa isiyozimwa, huunguza ngozi, na watoto wengi watakuwa pekupeku. Mwanzo na mwisho wa kila njia pigilia vigingi vidogo hadi vilingane na ardhi. Mvua ikifuta mistari, unavuta kamba kati ya vigingi na kuchora upya, bila kupima tena.

Ikiwa imenyesha usiku, nenda uwanjani saa moja kamili. Kanyaga kwa kisigino kwenye kona, ambako wakimbiaji hukata. Udongo mwekundu wa kichanga hukauka haraka. Udongo mweusi wa mbuga ukikushika kiatu, usidanganywe na jua: sogeza mwanzo hadi saa 4:00 na futa mita 200. Mchujo wa mita 100 saa 4:00, mita 800 saa 4:45, fainali saa 5:25, vijiti saa 6:15. Kuruka chini kufanyike tu kama ubao wa kurukia umekauka.

Ikinyesha katikati ya mchujo, utaona faida ya kuchuja kwa nafasi. Mchujo wa kwanza ulikimbiwa pakavu, wa pili utakimbiwa kesho pakiwa na unyevu, na hakuna shida, kwa sababu hakuna anayelinganisha muda wao. Ungechuja kwa saa, ungelazimika kurudia yote miwili. Karatasi ya matokeo isainiwe na waamuzi kabla ya kuondoka uwanjani na ikae ndani ya mfuko wa plastiki.

Radi haina majadiliano. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, simamisha kila kitu na waingize watoto madarasani. Si chini ya mbuyu, si karibu na magoli ya chuma. Mnarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine, anza kuhesabu upya. Kama hesabu hiyo inavuka saa 6:00 mchana, tangaza Ijumaa mara moja, wazazi wakiwa bado wapo, na uwasomee majina ya walioingia fainali.