Kabla hujapakia maelfu ya wagonjwa kwenye Tracker ya DHIS2, jipange kwanza utahesabuje

Tulikuwa na mistari 4,812 ya wagonjwa wa presha na kisukari kwenye Excel, imechapwa kutoka kwenye madaftari ya vituo vya wilaya moja, na inatakiwa iingie kwenye Tracker ya DHIS2, ile sehemu ya mfumo wa taarifa za afya inayofuatilia mgonjwa mmoja mmoja, ambako tayari kulikuwa na watu 1,206. Jumlisha mwenyewe, 6,018. Tulipomaliza kupakia mfumo ukasoma 6,021, tukasema aah, hao watatu watakuwa manesi wameandikisha wakati sisi tunapakia, tukafunga laptopu tukaenda kula. Wiki mbili baadaye nesi mmoja anapiga simu, "kaka mbona mgonjwa wangu yupo mara mbili, hudhurio nililomwandikia juzi leo silioni?" Ndo tukaanza kufukua. Kumbe mistari 93 ilikataliwa kimyakimya na fungu moja la watu 100 lilitumwa mara mbili likaingiza watu hewa 96, maana wanne wa fungu hilo walikataliwa mara zote mbili. Toa 93 ongeza 96, imebaki tatu. Makosa mawili makubwa yamefutana na jumla ikaonekana nzuri kabisa.

Kwa hiyo ninayoandika hapa ni maandalizi, yaani vitu ambavyo usipoviweka kabla ya kubonyeza, baadaye huna cha kulinganisha nacho.

Cha kwanza chukua hesabu ya kabla, na usiichukue kwenye dashibodi. Dashibodi inasoma jedwali za analitiki ambazo sehemu nyingi zinajengwa upya mara moja usiku, kwa hiyo ukipakia saa nne asubuhi ukaenda kuangalia saa tano utaona namba ya jana, na nimeshaona mtu anapaniki anapakia tena kwa sababu hiyo tu. Uliza mfumo wenyewe. Kwenye toleo la 2.41 ni hivi (matoleo ya nyuma majina ya vigezo yanatofautiana kidogo, cheki la kwenu):

```
GET /api/tracker/trackedEntities?program=UID_PROGRAMU
  &orgUnits=UID_WILAYA&orgUnitMode=DESCENDANTS
  &totalPages=true&pageSize=1
```

Iandike kwenye mstari mmoja, halafu soma `total` kwenye jibu. Fanya kwa wilaya nzima kisha kituo kimoja kimoja, andika pembeni na saa uliyochukua. Kituo kimoja kimoja ndo muhimu, sababu jumla ya wilaya inaficha mambo kama ilivyotuficha sisi, ila kituo kilichokuwa na watu 40 kikatakiwa kuongeza 100 halafu kikasoma 232 hakifichiki. Ile stori ya manesi kuandikisha katikati nayo inazibika mapema, waombe wasimamishe kwa nusu siku, na upakiaji ufanye kwa akaunti yake maalum ambayo hakuna mtu mwingine anaitumia, ili kesho ukiangalia nani aliumba rekodi ujue hii ni ya faili na hii ni ya nesi.

La pili ndilo lingetuokoa sisi, kila mstari uwe na UID yake kabla haujaondoka kwenye Excel. DHIS2 inatumia vitambulisho vya herufi na tarakimu 11, na usipotuma cha kwako seva inakutengenezea kipya. Sasa fikiria kilichotokea. Tulikuwa tunatuma kwa `async=false` ili jibu lirudi hapohapo, intaneti ya ofisini ikasuasua, skrini ikaandika timeout, mwenzangu akaona imefeli akabonyeza tena. Seva haikuwa imefeli, ilikuwa imeshapokea mzigo na inaendelea na kazi yake, kilichokatika ni jibu la kurudi kwetu. Mzigo wa pili ukafika hauna UID, seva ikaona watu wapya 96, ikawaumba. Kama kila mstari ungekuwa na UID yake na tumetumia `importStrategy=CREATE`, mara ya pili ingekataa wote kwa kosa la `E1002`, kwamba huyu yupo tayari, na mambo yangeishia hapo. UID unazipata kwa mafungu hivi:

```
GET /api/system/id?limit=1000
```

Unazibandika kwenye safu moja ya Excel, ya mtu, nyingine ya uandikishaji, nyingine ya hudhurio la kwanza, na faili hilo unalitunza kama hati ya shamba kwa sababu ndilo linalounganisha mstari wa 2,317 na mtu fulani ndani ya mfumo. Tahadhari moja hapa, watu wanapenda `CREATE_AND_UPDATE` kwa sababu hailalamiki sana. Kwa mzigo wa mara ya kwanza mimi siitaki, nataka ilalamike.

Halafu tuma kwa async na uwe na daftari la mafungu. Ukituma kwa async (ndo kawaida yake usipotaja kitu) seva inakurudishia namba ya kazi papo hapo, ripoti unaichukua baadaye, hata intaneti ikikatika kazi ipo palepale unaifuata kwenye `/api/tracker/jobs/NAMBA_YA_KAZI/report`. Daftari lenyewe ni kishiti cha kawaida, fungu namba ngapi, mstari wa ngapi mpaka wa ngapi, namba ya kazi, walioingia, waliokataliwa, nani katuma saa ngapi. Sheria yetu siku hizi ni kwamba fungu ambalo mstari wake una namba ya kazi halitumwi tena mpaka ripoti isomwe, hata bosi akiwa amesimama nyuma yako.

Kusoma ripoti kuna mtego wake. Fungu la watu 100 kwetu lilikuwa na vitu 300, sababu kila mtu anakuja na uandikishaji wake na hudhurio moja. Fungu letu la 31, lile lililotumwa mara mbili, lilirudisha `created` 288, `ignored` 12, `total` 300. Mtu asiyejua anasema wamekataliwa 12. Hapana, ni wanne, kila mmoja kaanguka na uandikishaji wake na hudhurio lake, na hao wanaoburuzwa utawaona na kosa la `E5000` ambalo lenyewe halina cha kurekebisha, tafuta kosa la mtu mwenyewe. Kwa hiyo usiangalie `stats` ya juu peke yake, shuka kwenye `typeReportMap` uone `TRACKED_ENTITY` imeandika nini, na hiyo ndo unalinganisha na mistari uliyotuma. Ulizotuma lazima ziwe sawa na zilizoumbwa ukijumlisha na zilizokataliwa, fungu kwa fungu, isipolingana simama.

Kabla ya kutuma kweli, pitisha faili zima kwa `importMode=VALIDATE`, ambayo inakagua bila kuandika chochote. Hapo weka `atomicMode=OBJECT`, ili kosa la mmoja lisiangushe fungu zima. Kosa la wanne wale lingeonekana mapema, tarehe za Excel zilikuwa 03/04/2019 wakati mfumo unataka 2019-04-03, na jumla watu 58 kati ya wale 93 walikataliwa kwa tarehe tu. Ila ukaguzi huu una mwisho wake, unalinganisha na kilichomo kwenye mfumo na kilichomo kwenye fungu hilohilo, kwa hiyo mtu mmoja akiwa fungu la 3 na la 20 wote wawili wanapita salama kwa kuwa hakuna aliyeingia bado. Mkishasafisha, mzigo wa kweli mimi napeleka kwa `atomicMode=ALL`, mmoja akikosea fungu zima linabaki nje. Inaudhi, lakini daftari linakuwa na majibu mawili tu, limeingia au halijaingia.

Tukaja kwa wale 35 waliobaki, wote `E1064`, maana yake thamani inayotakiwa kuwa ya mtu mmoja tayari ina mwenyewe. Kwetu ilikuwa namba ya NIDA. Hapa usiharakishe "kurekebisha", nimeshaona mtu anaongeza herufi A mwisho wa namba ili ipite, na kweli ikapita, na dabo akawa ameitengeneza kwa mkono wake. Wengi kati ya 35 walikuwa wale wale 1,206 waliokuwemo zamani, hao hawapakiwi, unawaongezea mahudhurio tu. Wachache walikuwa watu tofauti kabisa. NIDA ina tarakimu 20, Excel ikiichukua kama namba inashika 15 tu na tano za mwisho inazigeuza sifuri, kwa hiyo watu wawili wenye tarakimu 15 za mwanzo sawa wanakuwa mtu mmoja. Ndo maana safu ya NIDA na ya simu uzifanye Text kabla ya kubandika kitu, siyo baada, baada tarakimu zimeshapotea hazirudi.

(Kituo cha fungu la 31 hakikuandika NIDA hata moja, ndo maana mara ya pili hakukuwa na kitu cha kuwazuia.)

Kutafuta dabo baadaye, shusha orodha yote kutoka kwenye mfumo, tengeneza kwenye safu ya H ufunguo wenye kituo, namba ya kliniki na tarehe ya kuzaliwa, kisha hesabu kwenye safu inayofuata:

```
=B2&"|"&C2&"|"&TEXT(D2,"yyyy-mm-dd")
=COUNTIF(H:H,H2)
```

Hicho kimstari cha katikati siyo urembo. COUNTIF ikikutana na maandishi yanayofanana na namba inayageuza namba, hivyo 00123 na 123 inaona ni kitu kimoja, na NIDA mbili zisizo na vistari zikifanana tarakimu 15 za mwanzo inakwambia ni dabo. Inayotoka 2 au zaidi iangalie kwa macho, usifute kwa mkumbo. Kulwa na Doto wana kituo kimoja, tarehe moja ya kuzaliwa na jina moja la baba, ukiondoa namba ya kliniki kwenye ufunguo umeshamfuta mmoja. Na upande wa pili Mohamed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja, ndo maana jina mimi siliweki kwenye ufunguo, nalitumia kuhakiki.

Kufuta nako kuandalie mapema. Akaunti inahitaji ruhusa ya `F_TEI_CASCADE_DELETE` kama mtu ana uandikishaji, na kuipata kulituchukua siku nne za barua pepe. Sisi ripoti ya ile kazi ya pili ilikuwepo bado, tukachukua UID zake 96, lakini kabla ya kufuta tukaangalia nani ana hudhurio lililoandikwa na nesi baada ya siku ya upakiaji. 11 walikuwa nayo. Hao tulihamisha mahudhurio kwenye rekodi ya kwanza moja baada ya nyingine, ndipo `importStrategy=DELETE` ikapita kwa wote 96.

Tulivyorudi kuhesabu ikasoma 5,925. Kutoka 1,206 jumlisha 4,719, na hapo hatukwenda kula, tulichukua madaftari mawili ya kituo tukafungua kurasa ovyoovyo, watu 30, tukakuta simu nane zimeingia bila sifuri ya mbele na mfumo haukuwa umelalamika hata mara moja.